Uzoefu wangu: kikokotoo cha hewa ukaa kilichoandika sifuri kwenye jiko letu la mkaa

Muhula uliopita nililipia kikokotoo cha mtandaoni ili nipate nyayo ya kaboni ya kaya yetu, yaani kiasi cha hewa ukaa tunachosababisha, na nyayo yake ya ikolojia, yaani eneo la ardhi linalohitajika kukidhi matumizi yetu, kwa ajili ya jedwali la kazi ya kozi, na katika mstari wa kupikia kikaniandikia sifuri. Sifuri hiyo imenikasirisha kuliko fedha niliyotoa. Sisi ni watu sita hapa Uyole, Mbeya. Tunapika kwa mkaa mchana na jioni, na baridi ya Juni ikikaza, jiko hilohilo ndilo tunalolizunguka kuota moto. Kikokotoo kiliuliza umeme, gesi ya bomba na mafuta ya kupasha nyumba joto. Mkaa hakikuuuliza popote.

Niliwaandikia huduma kwa wateja kwa adabu kabisa, nikajibiwa hivi: "Mkaa ni nishati jadidifu, kwa hiyo hauhesabiwi. Tafadhali soma maelekezo kabla ya kuuliza." Niliyasoma maelekezo yote, na hakuna mahali mkaa ulipotajwa. Anayemjibu mteja namna hiyo angefanya vyema kuthibitisha kwanza kwamba anachokisema ni kweli.

Haki itendeke: jibu lile lina asili yake. Katika hesabu za taifa zinazofuata mwongozo wa 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, hewa ukaa itokanayo na kuni na mkaa haijumlishwi kwenye sekta ya nishati, kwa sababu upotevu wa miti huhesabiwa kwenye sekta ya ardhi na misitu, na kuijumlisha kote kuwili kungekuwa kuihesabu mara mbili. Lakini jedwali la kaya halina mstari wa misitu ya taifa. Ukiifuta jikoni, imepotea kabisa.

Kwa hiyo nikakokotoa kwa mkono. Gunia letu la mwezi nililipima kwenye mizani ya muuza mahindi, nikatoa uzito wa gunia lenyewe, majani yaliyofungia lumbesa na chenga za chini, zikabaki kilo 50 za mkaa unaochomeka. Mwongozo huo unakadiria megajuli 29.5 kwa kila kilo ya mkaa, na kilo 0.112 za hewa ukaa kwa kila megajuli. Kilo 50 zinatoa megajuli 1,475, nazo zinatoa kilo 165 za hewa ukaa kwa mwezi, yaani takribani kilo 1,980 kwa mwaka, au 330 kwa kila mtu nyumbani.

Sasa tuchukue hoja yao wenyewe, kwamba kila mti uliokatwa umeota tena na kuirudisha hewa ukaa yote. Hata hapo sifuri haipatikani, kwa kuwa jiko la mkaa hutoa pia methani, ambayo mti hauinyonyi. Kwa kadirio la mwongozo uleule, gunia letu linatoa karibu kilo 0.3 za methani kwa mwezi. Ukizidisha kwa 28 ili kuilinganisha na hewa ukaa, unapata kilo 8 na ushei kila mwezi, karibu 100 kwa mwaka. Kwa kuwa siwezi kujua kutoka jikoni ni miti mingapi inayoota tena, niliandika mistari miwili, wa chini na wa juu, na kueleza kwamba ukweli uko katikati yake.

Na bado hapo sijagusa tanuri la udongo kule porini. Kadirio linalotumika sana ni kilo sita za kuni kwa kilo moja ya mkaa, kwa hiyo gunia letu lilianza kama kilo 300 za kuni. Kuni hizo zingechomwa zote zingetoa zaidi ya kilo 520 za hewa ukaa. Sehemu kubwa ya kaboni, basi, imetoka kabla mkaa haujafika Uyole, na anayehesabu jiko pekee anaona chini ya theluthi moja.

Kwenye nyayo ya ikolojia mambo ni mabaya zaidi: eneo la misitu lilijazwa kwa karatasi pekee, ilhali tani 3.6 za kuni kwa mwaka ndizo zilizostahili kuwekwa pale. Zikishawekwa pale, hewa ukaa yake haitakiwi tena kwenye eneo la kufyonza kaboni, isije ikahesabiwa mara mbili, na ndiyo maana majedwali ya nyayo hizi mbili hayawezi kunakiliwa moja kutoka kwa lingine.

Nilikusudia kutoa nyota moja. Sehemu ya usafiri ilikubali daladala na kugawanya mafuta kwa idadi ya abiria, kazi iliyofanywa kwa uangalifu, nikapandisha hadi mbili. Kisha nimelifungua tena lile jibu la huduma kwa wateja. Ninarudisha moja, na kwa kaya yoyote inayopikia mkaa sipendekezi kukilipia hadi mstari wa mkaa uwekwe.