TAHADHARI: Seti za betri na inveta zinazoahidiwa "masaa 12 ya tv na taa" – soma kabla hujalipa

Wadau naomba mnisikilize hapa maana watu wanaendelea kupigwa. Kuna muuzaji anazunguka mitandaoni na tangazo la seti ya betri 12V 100Ah pamoja na inveta ya wati 1000, na ahadi yake kubwa ni kwamba umeme ukikatika unawasha tv, king'amuzi na taa nne kwa masaa 12 bila wasiwasi. Seti mojawapo imeletwa mezani kwangu na mteja ambaye kwake inazima hata filamu ya pili haijaisha, nikaipima kila kitu, na nilichokiona kimenikera kiasi kwamba siwezi kukaa kimya.

Nianze na hesabu ya huyu muuzaji kwa sababu ndo chambo chenyewe. Anachukua volti 12 anazidisha na 100Ah anapata 1200, halafu anakwambia vitu vyako vinakula wati 100, kwa hiyo 1200 gawa kwa 100 ni masaa 12. Na hiyo wati 100 hajaongopa: taa nne za LED za wati 9 ni 36, tv ya LED ya inchi 32 tuseme 52, king'amuzi 12, jumla 100 kamili. Mtu akiona hesabu imekaa sawa hivyo anatoa hela. Shida ni kwamba kuna vitu viwili kaviruka makusudi, na cha tatu ni uongo wa wazi kabisa uliobandikwa kwenye stika.

Cha kwanza, betri ya risasi (hizi za asidi, ziwe za kuongeza maji au za jeli) huwezi kuinyonya mpaka tone la mwisho kila siku ukategemea iishi. Wanaozifahamu wanatumia nusu tu halafu wanairudisha kwenye chaja. Ukiimaliza kila umeme unapokatika itakufa mapema sana, na ukiiacha imeisha bila kuchaji ndo unaiua haraka zaidi maana sahani zake zinaganda chumvi ya salfeti ambayo baadae chaja haiitoi. Kwa hiyo ile 1200 imeshakuwa 600.

Cha pili ni inveta yenyewe. Inveta haigeuzi umeme bure jamani, nayo inakula. Hii niliyopima nimeiwasha bila kuchomeka kitu chochote, mita ya kubana waya nikaiweka kwenye waya mwekundu unaotoka kwenye betri, ikasoma ampea 1 hivi, yaani wati 12 zinaondoka saa zote hata kama hakuna taa inayowaka. Kisha nikaweka ule mzigo wa wati 100 kamili, betri ikawa inatoa karibu wati 118. Gawa 100 kwa 118 unapata kama 0.85, maana yake asilimia 85 ndo inayofika kwenye tv na taa, iliyobaki inaishia kuwa joto pale kwenye feni ya inveta. Sasa piga hesabu upya na hapo bado tunaamini betri ni 100Ah ya kweli na mpya:

```
12 × 100 × 0.5 × 0.85 ÷ 100 = 5.1
```

Masaa 5. Sio 12. Na hii ni seti ya mtu mkweli! Kama muuzaji angesema masaa 5 mimi nisingeandika chochote, maana masaa 5 ya tv na taa nne ni kitu kizuri tu na kwa watu wengi kinatosha jioni nzima.

Hapo kwenye inveta nikae kidogo maana wengi hamuambiwi. Kwenye boksi imeandikwa ufanisi asilimia 90 na mtu anaichukua kama namba ya kudumu. Haiko hivyo. Ile asilimia inapatikana inveta ikiwa na mzigo wa kutosha, ukiwa na mzigo mdogo inaporomoka vibaya sana kwa sababu zile wati 12 za kwake zipo palepale. Chukua usiku mmezima tv mmeacha taa moja ya wati 9 ya korido. Betri inatoa kama wati 21 na kidogo ili taa ya wati 9 iwake, yaani zaidi ya nusu inaliwa na inveta. Muuzaji anakwambia taa moja itawaka masaa 133, kwenye tangazo lake kaandika "siku tano", lakini kwa betri halisi ya 100Ah ukitumia nusu ni kama masaa 28 tu. Na ukinunua inveta kubwa zaidi ya mahitaji ukidhani ndo utakaa muda mrefu unazidi kujiumiza, zile kubwa nyingine zinakula wati 20 na zaidi zikiwa hazifanyi kitu. Ule mwandiko wa wati 1000 au 2000 unaeleza inveta inaweza kubeba mzigo gani kwa wakati mmoja, muda wa kukaa unatoka kwenye betri. Kwa tv na taa inveta ya wati 300 inatosha na kubaki.

Sasa cha tatu, na hapa ndo naita wizi. Nilichaji betri mpaka ikajaa, nikaiacha ipumzike, ikasoma volti 12.7, safi kabisa. Nikaiwekea mzigo wa wati 100 kupitia inveta yake, betri ikawa inatoa karibu ampea 10. Betri ya kweli ya 100Ah ukiinyonya ampea 10 mpaka inveta ikate yenyewe inatakiwa ivuke masaa 8. (Haifiki 10 kamili kwa sababu hiyo 100 ya kwenye stika inapimwa kwa kuinyonya taratibu, ampea 5 kwa masaa 20, ukivuta haraka zaidi inatoa pungufu, na huo ni ukweli wa betri zote za risasi sio ujanja wa mtu.) Hii ililia alamu na kukata kwenye volti 10.5 kabla hata ya masaa 3. Yaani imetoa chini ya 30Ah. Nikaiweka kwenye mizani: kilo 12. Betri ya risasi ya 100Ah inakuwa na kilo 28 mpaka 30 hivi, kwa sababu uwezo wake upo kwenye risasi iliyomo ndani na risasi haifichiki. Hiyo ni betri ya kama 35Ah iliyovalishwa boksi kubwa na stika ya 100Ah. Ukiifanyia haki kwa kutumia nusu, unapata saa moja na nusu ya tv. Kutoka ahadi ya 12!

Mteja alipomrudia jibu likawa "umeitumia vibaya umeimaliza, waranti haihusiki". Ona ujanja ulivyopangwa: anakuuzia kwa hesabu inayokulazimisha uimalize, halafu kuimaliza kwako ndo kunafuta waranti.

Na msidanganyike na maonyesho anayofanya mbele yako. Anachomeka tv inawaka, anaonyesha mita inasoma 12.7, dakika kumi zinapita anazima. Volti inaonyesha betri imejaa kiasi gani sio kubwa kiasi gani, kibetri kidogo cha pikipiki kikijaa nacho kitasoma 12.7 na tv itawaka vilevile.

Nyie fanyeni hivi. Kwanza nenda na mizani, hata ile ya kuning'iniza ya kupimia mabegi inafaa kama inafika kilo 40. Betri ya risasi yenye stika ya 100Ah ikiwa chini ya kilo 25 mimi singeigusa. Pili, muombe aandike kwenye risiti kwamba ni 100Ah kwa kipimo cha masaa 20 na kwamba ukiipima ikapungua anarudisha hela. Mkweli ataandika, huyu mwingine ataanza kukwambia ana wateja wengi wanasubiri.

Tatu ni kipimo ambacho hakihitaji inveta wala fundi. Chukua balbu ya taa ya mbele ya gari, ile ya volti 12 wati 55, ichomeke moja kwa moja kwenye betri iliyojaa (waya wa kutosha na fyuzi ya ampea 10, na balbu iwe mbali na kitu kinachoungua maana inapata moto sana). Inavuta kama ampea 4 na nusu. Iache masaa 4 halafu itoe, betri ipumzike saa moja bila kitu, ndo upime volti. Ikiwa ni 100Ah kweli utakuta iko kwenye 12.5 hivi kwa sababu umechukua chini ya moja ya tano yake. Ukikuta 12.2 au chini yake umechukua nusu au zaidi, na ujue umeuziwa kitu cha 35Ah kama hiki.

Wenye betri za lithiamu kipimo cha kilo hakiwahusu, hizo ni nyepesi kiasili, 100Ah yake ina kilo 10 mpaka 13 hivi na unaweza kutumia mpaka asilimia 90. Kwa mzigo uleule wa wati 100 inakupa masaa 9 na nusu mpaka 10. Mnaona hata hiyo haifiki 12. Nimesikia huyu jamaa ameanza kusema betri yake ni lithiamu baada ya watu kuuliza mbona nyepesi, kwa hiyo mkifika hapo pimeni volti ikiwa imejaa na imepumzika: lithiamu ya aina hii inakaa kwenye 13.3 hivi, ikisoma 12.7 hiyo ni risasi tu imebadilishwa jina.

Kwa ambao mmeshanunua na hela haitarudi, usiitupe. Toa tv kwenye inveta, nunua balbu za LED za volti 12 uzifunge moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi na swichi bila inveta kabisa. Taa mbili za wati 5 zinavuta kama ampea 0.8, hiyo 35Ah ukitumia nusu unapata masaa 20 ya mwanga. Umeme ukirudi ichaji hapohapo, usisubiri kesho.