Uzoefu wangu: kuwapata wasiolipa mchango wa harusi kwa Google Sheets

Nilikuwa mhazini wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, na kazi iliyoninyima usingizi ilikuwa moja: nani ameahidi na bado hajalipa. Nilikuwa na orodha mbili kwenye faili moja la Google Sheets. Ya kwanza niliiita Ahadi, ina watu 112. Ya pili niliiita Malipo, ina mistari 79, kwa sababu kuna waliolipa kwa awamu mbili au tatu. Nilichotaka ni majina yaliyomo kwenye Ahadi lakini hayamo kwenye Malipo.

Kwa kazi hiyo Sheets ina fomula nzuri sana, na ni ya bure. Inakwenda kwa hatua mbili ndani ya mstari mmoja: `COUNTIF` inahesabu kila jina la orodha ya kwanza linaonekana mara ngapi kwenye ya pili, kisha `FILTER` inabakiza yale ambayo hesabu yake ni sifuri. Haijali herufi kubwa na ndogo, na mtu aliyelipa mara tatu hana tatizo, kwa kuwa tatu si sifuri. Niliiandika kwa majina, nikabonyeza Enter, ikashuka mistari 63 ya majina. Nikafurahi, nikawatumia wote 63 ujumbe wa kuwakumbusha.

Haikupita saa moja akapiga mzee mmoja wa ukoo. Baada ya shikamoo akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nililipa wiki ya kwanza kabisa. Au hela haikufika?" Ilikuwa imefika, na niliiona kwenye Malipo kwa macho yangu. Niliona aibu kubwa, kwa sababu mtu aliyetoa mapema ndiye niliyemdai.

Nikaketi kutafuta kosa, na halikuwa la fomula. Orodha ya Ahadi tuliijaza kwenye kikao, kila mtu kwa jina tulilozoea kumwita: Mama Brayani, Shangazi Tatu, Fundi Ally. Orodha ya Malipo niliitoa kwenye meseji za kupokea pesa, na humo jina ni lile lililosajiliwa kwenye laini, majina mawili au matatu, herufi kubwa tupu. Mama Brayani kule ni Rehema Saidi Mkumbo. Ally wa kwenye daftari ni Ali kwenye laini. Kompyuta inalinganisha herufi, na kwa herufi hao ni watu tofauti kabisa. Wengine waliandikwa sawasawa, ila nilipowanakili kutoka WhatsApp wakaja na nafasi tupu mwishoni mwa jina. Nafasi hiyo huioni, lakini inatosha kulifanya jina lisifanane. Ukiandika `=LEN(A2)` na jina lenye herufi 9, ukihesabu na nafasi ya katikati, likakupa 10, ujue imejificha hapo.

Lililonitisha zaidi lilikuwa kosa la upande wa pili. Tulikuwa na Neema John wawili, mmoja jirani, mwingine wa kazini kwa bwana harusi. Mmoja alilipa. Fomula ikaliona jina kwenye Malipo, ikawaondoa wote wawili kwenye orodha ya wadaiwa. Kosa la namna hii halikupigii simu. Anayedaiwa bila haki atalalamika, lakini aliyesahaulika atakaa kimya tu.

Kwa hiyo niliacha kulinganisha majina, nikalinganisha namba za simu. Nazo zina mitego yake. Namba moja inaweza kuandikwa ikianza na 0, na 255, na +255, ikiwa na nafasi katikati au bila nafasi, na ukiiandika kwenye seli ya kawaida Sheets inaiona ni hesabu na kuila ile sifuri ya mbele. Ila namna zote hizo zinakubaliana kwenye kitu kimoja: tarakimu 9 za mwisho ni zilezile. Nikafungua safu ya C kwenye kila orodha, nikaweka hii na kuivuta hadi chini:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(B2," ",""),CHAR(160),""),9)
```

Safu ya B ndiyo yenye namba ya simu. `CHAR(160)` ni ile nafasi ya aina nyingine inayokuja unaponakili kutoka mtandaoni. Ukiigonga nafasi kwa kibodi haifanani nayo, na hata ile huduma ya menyu inayoondoa nafasi za ziada haiigusi, ndiyo maana nimeitaja peke yake. Baada ya hapo fomula yenyewe ikawa hivi:

```
=FILTER(Ahadi!A2:B113, COUNTIF(Malipo!C2:C80, Ahadi!C2:C113)=0)
```

Safari hii ikaja mistari 45, jina na namba pamoja, kwa hiyo Neema John aliyesahaulika akaonekana na ikajulikana ni yupi. Katika wale 63 wa mwanzo, 19 walionekana kuwa wameshalipa. Niliwapigia wote 19 kuwaomba radhi.

Sikutaka kutuma tena bila uhakika, nikageuza fomula: nani yumo kwenye Malipo lakini hayumo kwenye Ahadi? Hatua hii ningemsihi kila mhazini asiiache, maana ndipo zinapoonekana kasoro ambazo namba za simu haziwezi kuziondoa. Nilipata namba nne. Mbili ni za watu waliotoa bila kuahidi, Mungu awabariki. Moja ilikuwa laini ya pili ya mtu aliyeahidi kwa laini yake ya kwanza. Na moja ilikuwa ya mke, amemlipia mumewe ambaye jina lake lilikuwa bado limekaa kwenye wadaiwa. Hakuna fomula itakayojua kuwa hao ni mke na mume. Hapo unapiga simu na kuuliza. Nikaweka kwenye Ahadi zile namba mbili zilizolipa, wadaiwa wakabaki 43. Hesabu nayo ikafunga: walipaji bila kurudia 71, ukitoa wale wanne wanabaki 67, na 67 kujumlisha wale 45 wa fomula ni 112, ahadi zetu zote.

Nilifanya haya kwenye laptopu. Kwenye simu app inafungua faili vizuri na nilikuwa nikiongeza malipo nikiwa kwenye daladala, lakini kuandika fomula yenye mabano mengi kwa kidole ni mateso. Mwenye Excel ya zamani isiyo na `FILTER` bado hajakwama: aiweke `COUNTIF` peke yake kwenye safu ya D, kisha achuje zenye sifuri.

Jambo moja la kuangalia ni hiyo mipaka ya safu. Niliandika `C2:C80`, na malipo mapya yalipoingia mstari wa 81 fomula haikuyaona. Mtu akalipa asubuhi, jioni bado yumo kwenye wadaiwa. Nikairefusha hadi `C2:C500`, na ile ya safu ya C nikaivuta hadi hukohuko.

Orodha ilipungua kila siku hadi siku tatu kabla ya sherehe ikabaki na watu sita. Wa mwisho alipolipa seli ikaandika `#N/A`. Mwenyekiti aliyekuwa anatazama akashtuka akidhani faili limeharibika. Nikamwambia ni kwamba hakuna jina lililobaki la kuonyesha.