Akiba ya karo: benki, SACCO au simu? Uzoefu wangu hapa Busia

Nauza viatu vya mitumba hapa Busia, upande wa Uganda. Kila mwisho wa mwezi naweka kando shilingi 300,000 za karo, na shule zikifunguliwa, Februari, Mei na Septemba, naitoa yote. Kwa hiyo mimi ni mtu wa kuweka kidogo kidogo na kutoa kwa mkupuo, na ndivyo nilivyozipima akaunti zangu tatu. Mwenye pesa ya kukaa miaka bila kuguswa atapata majibu mengine.

Nilipiga hesabu kwa mihula ya miezi minne, yaani natoa 1,200,000 kila mara. Pesa ya mwezi wa kwanza inakaa miezi mitatu, ya pili miwili, ya tatu mmoja, na ya nne haikai kabisa. Kwa mwaka mzima, ni sawa na kuwa na 450,000 tu iliyotulia miezi kumi na miwili. Riba huhesabiwa kwa hiyo 450,000, si kwa zile 3,600,000 nilizopitisha, na ndiyo maana asilimia ya kwenye bango huwapotosha wengi.

Benki yangu inatoa asilimia 3 kwa akaunti ya akiba. Hiyo ni 13,500 kwa mwaka, na baada ya kodi ya zuio ya asilimia 15 inabaki 11,475. Lakini akaunti ina makato ya 2,000 kila mwezi, jumla 24,000. Kwa hiyo ninailipa benki zaidi ya 12,000 ili initunzie akiba. Zipo akaunti za akiba zisizo na makato ya mwezi, ila nyingi huweka kikomo cha kutoa, na ukikipita unatozwa au unakosa riba ya kipindi hicho. Kwangu mimi ninayetoa mara tatu tu kwa mwaka, kikomo hicho hakiniumizi. Ningechagua asilimia 2 bila makato kuliko 3 yenye makato.

Akiba ya simu inanipa asilimia 5. Ni 22,500, na kodi ya zuio ikitoka zinabaki 19,125. Kuirudisha pesa kwenye mkoba wa simu ni bure. Shida inaanzia kwa wakala: serikali hukata asilimia 0.5 ya pesa unayotoa taslimu, yaani 6,000 kwa kila 1,200,000, sawa na 18,000 kwa mihula mitatu. Imebaki 1,125, na ada ya kutolea pesa bado sijaihesabu. Ada hiyo peke yake inaimaliza na kuzidi. Lakini kodi hiyo ya 0.5 ni ya kutoa taslimu. Shule ya wanangu inapokea karo kwa SchoolPay, kwa hiyo nalipa moja kwa moja kutoka kwenye simu na sehemu kubwa ya riba inabaki yangu. Kama shule yako inataka pesa mkononi, hesabu yako inageuka.

SACCO ya soko letu ndiyo inayolipa vizuri zaidi, asilimia 8 kwa akiba ya hiari. Kwa hesabu yangu ingekuwa 36,000. Hapa lazima uulize swali moja: riba inahesabiwa kwa salio la kila siku au kwa salio dogo kabisa la mwezi? Yetu ni salio dogo la mwezi. Mweka hazina alinieleza nilipokuja kutoa pesa tarehe 30: "Dada, ukitoa leo, mwezi huu wote unasomeka sifuri. Ngoja kesho." Mwezi huo ndio uliokuwa na 900,000 ndani, na miwili iliyotangulia ilikuwa na 300,000 na 600,000. Kwa hiyo kutoa siku moja mapema kunakula nusu kamili ya riba ya muhula.

Mambo mengine mawili ya SACCO yananifanya nisiweke karo yote huko. Wanataka taarifa ya siku 30 kabla ya kutoa, na ukimdhamini mwenzako kwenye mkopo, akiba yako inafungwa mpaka amalize kulipa. Tena, akiba ya benki inalindwa na Mfuko wa Kulinda Amana hadi shilingi milioni 10 kwa kila mteja katika kila benki, lakini SACCO yetu haimo katika ulinzi huo.

Sasa karo inakaa kwenye akiba ya simu na kwenda shuleni bila kupita kwa wakala. SACCO nimeiachia pesa ya kununulia kibanda, ambayo sitaigusa mwaka huu, na nimekataa kumdhamini mtu kwa akiba hiyo. Ile akaunti ya benki yenye makato nimeifunga.