Kibandiko kilichoficha ngano: sosi ya soya niliyonunua Ntinda

Hasira haijanitoka. Majuzi nilinunua sosi ya soya katika supamaketi moja ya Ntinda, mtaa wa Kampala. Mwanangu ana siliaki, ngano kidogo tu humwangusha, kwa hiyo sinunui chupa bila kusoma mgongo wake. Kwenye mgongo kulikuwa na kibandiko cha mwagizaji: maji, soya, chumvi, sukari. Nikalipa.

Baada ya siku mbili za kula wali wa kukaanga, mtoto yuko kitandani, ameshika tumbo. Nilikwangua kile kibandiko kwa ukucha. Chini yake lebo ya kiwandani: maji, soya, ngano, chumvi, sukari. Ngano ya tatu! Viungo huandikwa kuanzia kilicho kizito zaidi, na hapa ngano imeitangulia chumvi.

Nikairudisha. Meneja hakuitazama hata lebo. "Nyabo, hii ni soya, si chapati. Ngano itoke wapi?" Mbele ya foleni nzima.

Itoke wapi? Sosi ya kuchachushwa hutengenezwa kwa soya iliyopikwa na ngano iliyokaangwa ikapondwa. Huoteshewa ukungu uitwao koji, kisha mchanganyiko hulazwa katika maji ya chumvi kwa miezi. Ngano ndiyo huipa utamu na harufu. Na msidanganywe kwamba uchachu umeimaliza: protini yake hukatika vipande ambavyo vipimo vya kawaida huweza kuvikosa, lakini mwenye siliaki bado anashauriwa aiache.

Basi akanisukumia chupa ya bei rahisi: "Chukua hii, haina ngano." Nikasoma: maji, chumvi, protini ya mimea iliyovunjwa kwa asidi, E150c, E621. Hiyo haikuchachushwa. Protini imechemshwa katika asidi ya haidrokloriki, asidi ikaondolewa ukali kwa magadi, kazi ya siku chache tu, kisha ikatiwa rangi ya karameli, ndiyo E150c. Rangi na kile kiongeza ladha E621 peke yake si ushahidi, maana hata za kuchachushwa huongezewa. Kinachoitoboa siri ni ile protini iliyovunjwa. Na ni ya mmea gani? Lebo imenyamaza. Huweza kuwa soya, mahindi, au ngano yenyewe. Nikamrudishia.

Nilikuja hapa kuipa nyota moja. Lakini nisiseme uongo: ile ya kwanza ni sosi tamu kweli, harufu yake inajaza jiko, na nyumba isiyo na mgonjwa ingeifurahia. Kosa ni la kibandiko. Hapana, ni la duka pia! Nyota moja ibaki.

Sasa natumia tamari, ambayo mara nyingi ni sosi ya soya bila ngano, ingawa nyingine hutiwa kidogo. Nainunua dukani humohumo, kwa kuwa sijaiona kwingine karibu na kwangu. Kila chupa yenye kibandiko naibandua palepale rafuni kabla ya kulipa, na meneja ananitazama.