Uzoefu wangu na kitufe cha 50MP: mlango wa nakshi, ukuta mweupe na jua la Mombasa

Simu ninayoieleza hapa ni ya daraja la kati, aina ambayo haikosi katika maduka ya simu Mombasa. Kamera yake kuu ni ya megapikseli 50, uwazi wa lenzi ni f/1.8, na kila pikseli ina upana wa maikromita 0.64. Lakini ukipiga picha bila kugusa chochote, unapata megapikseli 12.5 tu, yaani pikseli 4080 kwa 3060. Wengi hudhani wamepunjwa. Hawajapunjwa; kihisi chenyewe, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, ndivyo kilivyoundwa.

Juu ya pikseli huwa kuna vichujio vya rangi, na katika kihisi cha aina hii kila kichujio, kiwe cha kijani, chekundu au buluu, hufunika pikseli nne, mbili kwa mbili. Kwa kawaida simu huziunganisha hizo nne zikawa moja. Ukibonyeza kitufe cha 50MP husomwa moja moja, kisha programu hulazimika kukisia rangi ambazo hazikupimwa. Kwa hiyo kinachoweza kuongezeka ni undani wa mwanga na kivuli, si wa rangi. Nakshi ya mbao hufaidika nayo kuliko maua ya leso.

Chukua mlango wa kuchonga wa Mji wa Kale, simu ukiwa umeisimamisha wima na picha imebeba kimo cha mita 4, mlango pamoja na ukuta. Kwa megapikseli 12.5, kila milimita inapata takriban pikseli moja. Mfereji wa nakshi wenye upana wa milimita 3 unaingia katika pikseli tatu, yaani unaonekana tu kwamba upo. Kwa 50MP (8160 kwa 6120) unapata pikseli sita, na kingo za mfereji zinaanza kujitenga. Ukikata kipande cha mita moja cha nakshi iliyo juu ya mlango, kile cha 50MP kina pikseli 2000 hivi kwa upana, na kwa kuchapisha pikseli 300 kwa inchi unapata sentimita 17. Cha kawaida kinaishia sentimita 8.5. Hapo ndipo 50MP inapolipa: kitu kimetulia, mwanga upo, huwezi kusogea karibu, na unajua utakata. Kama unataka picha nzima ya ukubwa wa A4, 12.5 inatosha na kubaki.

Usitarajie undani mara mbili kamili, hata hivyo. Kwa f/1.8 lenzi hutawanya nukta ya mwanga ikawa duara la karibu maikromita 2.4, upana wa pikseli karibu nne. Lenzi ndiyo inayofika kikomo kwanza, na pembeni mwa picha hufika mapema zaidi. Nakshi unayoitaka iweke katikati.

Kasoro iliyonisumbua zaidi ni jua la adhuhuri. Katika hali ya kawaida simu hii hupiga picha kadhaa haraka haraka na kuzichanganya, hivyo ukuta wa chokaa na mlango ulio kivulini vyote huonekana. Ikiwa kwenye 50MP haifanyi hivyo: ukuta unaungua kuwa weupe mtupu, au mlango unakuwa mweusi. Dawa ni kungoja ukuta na mlango viwe katika kivuli kimoja, au kugusa skrini juu ya ukuta na kushusha mwangaza kidogo, kisha kuinua vivuli baadaye.

Baada ya magharibi iache 50MP kabisa. Mwanga unaoingia ni uleule, ila sasa kila pikseli ndogo inasomwa na chengachenga zake, na ule mchanganyiko wa picha nyingi haupo. Mimi hufungua maelezo ya picha na kutazama ISO, yaani kiasi ambacho simu imekuza mwanga ilioupokea: ikiwa 100 au chini, 50MP ina maana; ikipita 400, narudi 12.5.

Kabla ya kuiamini simu yako, itegemeze mahali pasipotikisika, piga picha mbili za kitu kilekile, moja kwa kila hali. Ile ya kawaida ikuze mara mbili, ya 50MP iache kwenye ukubwa wake halisi, ulinganishe sehemu ileile. Zikifanana, unajaza kumbukumbu bure: faili moja ya 50MP hufika megabaiti 15 hivi, ya kawaida 4. Ukiona vistari kama mzingile kwenye kingo zilizonyooka, ni programu imekisia vibaya. Ukungu wa jumla ni jambo jingine. Pengine lenzi imeshika chumvi ya bahari, au umetoka tu kwenye gari lenye AC. Futa, ungoje lenzi ipate joto, rudia.

Na ukimtumia mtu wa studio, WhatsApp itume kama hati (Document), si kama picha, la sivyo zile pikseli zote zitabanwa zikiwa njiani.