Kuchenji dola Istanbul: uwanja wa ndege au Laleli?

Nauza nguo za watoto Kariakoo, na mzigo wangu naufuata Istanbul, mtaa wa Laleli. Nimeshakwenda mara mbili. Safari ya kwanza, Julai 2025, nilipoteza pesa kabla hata sijatoka uwanja wa ndege.

Nilitua asubuhi nimechoka, nikaona kaunta ya kubadilishia fedha karibu na mikanda ya mabegi. Ubaoni mwa kaunta zile kuna safu mbili, ALIŞ na SATIŞ. Mimi nikakamata namba kubwa, lira 45 na ushee kwa dola moja, nikafurahi. Kumbe hiyo ni SATIŞ, bei ambayo wao wanakuuzia dola. Mwenye dola mkononi anahesabiwa kwa ALIŞ, bei wanayonunulia, na siku ile ilikuwa 34.5. Nilitoa dola 300, nikapewa lira 10,350.

Mchana huohuo nikapita Ordu Caddesi, barabara kubwa inayokatiza Laleli, ambako maduka ya kuchenji yameandikwa DÖVİZ. ALIŞ yao ilikuwa 40.1. Dola 300 zilezile zingenipa lira 12,030. Tofauti ni lira 1,680, kama dola 42 hivi, na hakuna aliyenikata kamisheni. Makato yote yalikuwa ndani ya bei yenyewe. Ndiyo maana siku hizi sisomi tangazo la "bila kamisheni". Naangalia ALIŞ na SATIŞ zimeachana kiasi gani. Pale uwanjani ziliachana kwa lira 11, ilhali mjini zilikaribiana sana. Pengo likiwa pana namna ile, naondoka.

Dada mmoja wa Kariakoo mwenye uzoefu wa miaka aliponisikia nikilalamika hotelini aliniuliza, "Shoga, lira zote hizo ulitaka za nini?" Swali lake lilinifungua macho, maana maduka ya jumla ya Laleli yanataja bei kwa dola na yanapokea dola taslimu. Pesa ya mzigo haina haja ya kuguswa kabisa. Lira ni za nauli, chakula, maji, na vitu vya rejareja.

Safari ya pili nilichenji dola 20 tu uwanjani, na zilitosha. Niliteremka hadi kituo cha treni ya metro, laini ya M11, nikanunua kadi ya nauli ya Istanbulkart kwenye mashine na kuijaza salio. Mashine ile hairudishi chenji, noti yote unayoingiza inakuwa salio, kwa hiyo omba noti ndogondogo kaunta. M11 inakufikisha Gayrettepe. Hapo unahamia M2 ya kuelekea Yenikapı na kushuka Vezneciler, kisha unatembea kidogo kuingia Laleli. Nilifika hotelini zaidi ya nusu ya lira zangu zikiwa bado mfukoni. Nilipumzika, nikaenda Ordu Caddesi kuchenji dola 100 za matumizi ya siku kadhaa, nikiwa na pasipoti kwa sababu baadhi ya maduka huiomba.

Wenye mabegi mazito au wanaofika usiku wa manane metro ikiwa imefungwa, hesabu yao ni nyingine. Teksi ya kwenda Laleli ni safari ndefu, inazidi lira 1,000, na dereva anataka lira. Hapo chenji dola 50, na uikubali hasara kama sehemu ya nauli.

Jumapili ndiyo siku ya kuipangia mapema. Soko la Kapalıçarşı, ambalo mitaa yake ina bei nzuri ya kuchenji kuliko kote nilikopita, linafungwa Jumapili, na wachenjaji wanaobaki wazi wikiendi hupanua pengo kwa kuwa soko la fedha limelala. Ukitua Jumamosi jioni, chukua za kukufikisha Jumatatu asubuhi, yaani nauli na milo ya siku moja na nusu.

Kuhusu noti zenyewe, beba za 100 zenye mkanda wa bluu, zile zilizoanza kutoka mwaka 2013. Nilikuwa na moja ya muundo wa zamani, duka la kwanza likaikataa na la pili likataka kuinunua kwa bei ya chini. Nilirudi nayo Dar.

Lira usizirudishe nyumbani. Nilizunguka nazo Dar sikupata duka lililozitaka, na thamani yake inashuka mwezi hadi mwezi. Sasa siku mbili za mwisho nachenji dola 20 kwa wakati mmoja, na zinazobaki nazimalizia kwenye soksi za watoto za rejareja, ambazo Kariakoo hazikai dukani.