Nilishauriwa kununua kioo cha hezi 144, nikachukua cha 60: uzoefu wangu wa miezi minne

Kazi yangu ni kutunza hesabu za mfanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza. Kutwa nzima niko kwenye Excel: magunia yaliyoingia, magunia yaliyotoka, nani kalipa, nani bado. Kioo cha laptopu kilikuwa kinanitesa kwa udogo, safu za jedwali haziishi, kila dakika nasogeza kulia na kushoto. Bosi akaniruhusu ninunue monita, nikashuka mjini.

Kijana wa dukani alinionyesha mbili, zote za mtumba. Ya kwanza inchi 24, ya kawaida kwa pikseli (1920 kwa 1080), lakini hezi 144, shilingi 480,000. Ya pili inchi 27, ya 4K, yaani pikseli mara nne ya ile ya kwanza, lakini hezi 60, shilingi 520,000. Akaniambia, "Dada, chukua hii ya 144. Sitini imeshapitwa na wakati, macho yatakuuma."

Sikujua hezi ni nini. Nilichofanya ni kugeuza ile ya pili nikasoma karatasi ya nyuma: 100-240V~ 50/60Hz. Nikadhani nimeipata hiyo sitini yenyewe. Kumbe ile ni habari ya umeme tu, kwamba inakubali umeme wa hezi 50 kama huu wetu wa Tanzania au wa 60 wa nchi nyingine. Haihusiani kabisa na picha, na hata monita ya hezi 144 imebandikwa maandishi hayo hayo. Nawaambia kwa sababu najua sitakuwa wa mwisho kukosea hapo.

Hezi za kioo aliyenielewesha ni mtoto wa kaka yangu, anayecheza gemu usiku kucha. Nilimpigia simu nikiwa palepale dukani. Nami nitaieleza kwa lugha ya Mwaloni. Chukulia kuna karani anayeandika bei ya dagaa ubaoni. Kila baada ya muda anafuta na kuandika upya, bei iwe imebadilika au haijabadilika. Hezi ni idadi ya mara anazoandika upya kwa sekunde moja. Wa 60 anaandika mara 60, yaani kila baada ya milisekunde 17 hivi. Wa 144 anaandika kila baada ya milisekunde 7. Sasa kama bei imesimama palepale, wote wawili wanakuonyesha kitu kilekile. Anayeandika haraka anakufaa pale tu bei inaporuka kila kukicha, na kwenye kioo maana yake ni pale vitu vinapokimbia: gari la kwenye gemu, mpira, adui anayechungulia dirishani.

Jedwali langu la magunia halikimbii. Nikiingiza tarakimu kwa kasi, nafikisha kama tano kwa sekunde. Kioo cha 60 kinajichora mara 12 kati ya tarakimu moja na inayofuata. Kwa kuandika tu, kinanisubiri mimi, si mimi ninayekisubiri.

Hata hivyo sikutaka kuamini kwa simu. Nikamwomba yule kijana afungue Excel kwenye vioo vyote viwili. Niseme ukweli, tofauti ipo. Ukiuvuta mshale wa mausi haraka kutoka ukingo hadi ukingo, kwenye 60 unaona unaruka hatua hatua, kwenye 144 unateleza. Ukishusha ukurasa kwa kasi, maandishi kwenye 144 yanasomeka kidogo yakiwa bado yanatembea, kwenye 60 yanakuwa ukungu. Lakini mimi sisomi deni la mtu likiwa linapita mbio. Nashusha, nasimama, nasoma. Na nikisimama, ile ya 4K ilikuwa inasomeka vizuri zaidi kuliko mwenzake, herufi zimekatwa safi kama zilizochapwa. Nikalipa 520,000.

Habari ya macho kuuma nayo ina historia yake. Zile kompyuta za zamani zenye chogo, kila nukta iliwaka kisha ikafifia mpaka ipigwe tena, kwa hiyo hezi 60 zilionekana kama taa inayopepesa na watu waliumwa kichwa kweli. Vioo bapa vya leo haviko hivyo: nukta inashikilia rangi yake mpaka iambiwe ibadilike. Kinachoweza kupepesa ni taa iliyo nyuma ya kioo, hasa ukipunguza mwanga, na hiyo hata monita ya hezi nyingi inaweza kuwa nayo. Nilipima dukani kwa kushusha mwanga hadi robo, nikaelekeza kamera ya simu kwenye ukurasa mweupe. Mistari mizito myeusi ikitembea kwenye simu, iache. Yangu ilikuwa safi.

Balaa lilinikuta ofisini. Nimechomeka waya wa HDMI, picha imekuja nzuri, lakini mausi nzito ajabu, kama unavuta wavu ulionasa kwenye magugu maji. Nikaanza kujuta kwamba yule kijana alikuwa anasema kweli. Nikaenda Settings, System, Display, kisha Advanced display, kwenye Choose a refresh rate. Pakaandikwa 30. Kumbe sikuwa natumia sitini niliyonunua, nilikuwa natumia nusu yake.

Duka likanishauri nibadilishe waya. Nikatoa 25,000, nikachomeka mpya, bado 30. Tatizo halikuwa waya, lilikuwa tundu la laptopu yangu: ni HDMI 1.4, na hilo kwa picha ya 4K linaishia hezi 30, hata umpe waya wa dhahabu. Ningeweza kushusha picha hadi 2560 kwa 1440 nikapata 60, lakini ningepoteza ule usafi wa herufi niliolipia. Dogo alipokuja Jumamosi akaigeuza laptopu, akasema, "Shangazi, mbona una Type-C inayotoa picha hapa ubavuni?" Tukanunua waya wa Type-C kwenda DisplayPort, nikafungua tena palepale: 60. Mausi ikawa nyepesi saa hiyo hiyo. Kwa hiyo tofauti ya 60 na 144 ilinibidi niitafute kwa macho, ila ya 30 na 60 niliihisi mkononi kabla sijajua jina lake. Ukinunua 4K kwa laptopu ya zamani, angalia hapo kabla hujamlaumu mtu.

Kwa sasa nimeweka Scale kwenye asilimia 150, maana 4K ya inchi 27 bila hiyo herufi zinakuwa kama mchwa. Safu zote za mwezi zinaonekana bila kusogeza. Video za kazini zinakwenda vizuri, nazo nyingi zenyewe ni picha 25 au 30 tu kwa sekunde.

Ningekuwa nacheza gemu ningechukua ile nyingine bila kubisha, na dogo alipojaribu gemu lake la mpira kwenye kioo changu alilalamika dakika mbili akaacha. Malalamiko yangu mimi ni mengine: stendi yake haipandi. Nimeiweka juu ya rimu mbili za karatasi, na kila printa ikiishiwa inabidi nipigane na wenzangu wasiichukue ya chini.